Dhamana haitumwi kwa simu

*Shikamoo wakili. Ijumaa jioni mama yangu hapa Makorora alipigiwa simu na mtu aliyesema ni afande wa Chalinze. Akasema kaka yangu, ambaye ni utingo wa lori la saruji, yuko ndani kwa sababu gari lao limegonga mtu, na itumwe 350,000 ya dhamana kabla jalada halijapelekwa mahakamani. Simu akapewa "wakili" naye akasema hivyo hivyo. Simu ya kaka ilikuwa haipatikani. Mama alishafika kwa wakala, nikamzuia. Kaka alipatikana saa tatu usiku, mzima. Swali langu ni hili: polisi wa kweli nao wanapiga simu kwa namba zao za kawaida. Safari nyingine tutajuaje kama ni polisi kweli?*

Marahaba, mwanangu. Nipe pole zangu kwa mama, na umwambie shikamoo yake ipo kwangu.

Mmejiwekea mtihani mgumu bila sababu. Kwa njia ya simu, wewe na mama hamwezi kujua kama anayeongea ni polisi. Mimi mwenyewe, niliyezoea kaunta za polisi kwa miaka mingi, siwezi. Sauti nzito, maneno kama "jalada" na "mpelelezi", kelele za redio ya upepo nyuma yake, vyote hivyo mtu yeyote anaweza kuvitengeneza akiwa amekaa kitandani. Na kweli kabisa askari wengi hupiga kwa laini zao binafsi, kwa hiyo namba ya kawaida haithibitishi utapeli, wala haithibitishi upolisi. Acheni kumchunguza mtu. Ichunguzeni pesa anayoitaka. Hiyo inajulikana, kwa sababu dhamana ya polisi haina pesa ya kutuma. Akiwa tapeli, pesa hiyo ni ya uongo. Akiwa askari wa kweli, pesa hiyo ni rushwa. Jibu lenu kwake ni lile lile, na hamhitaji kujua ni yupi kati ya hao wawili.

Nieleze dhamana inavyokwenda, maana matapeli hawa wanaishi ndani ya jambo moja ambalo watu wengi hawalijui vizuri.

Tuseme kijana wa mtaani kwenu amekamatwa kweli leo na kupelekwa kituo cha Chumbageni. Ataandikwa kwenye kitabu, vitu vyake vitahifadhiwa, na mpelelezi atachukua maelezo yake. Kama kosa linadhaminika, ndugu ataambiwa alete mdhamini. Mdhamini ni mtu mzima anayejulikana anakoishi, anakuja na kitambulisho, cha NIDA au kingine kinachokubalika, na mara nyingi anatakiwa awe na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wake. Pale kaunta anajaza fomu na kutia sahihi kwamba mtuhumiwa atarudi siku na saa aliyopangiwa. Kwenye fomu hiyo huandikwa kiasi cha pesa. Inaweza kuwa laki tano, inaweza kuwa milioni mbili. Hapo ndipo watu wanapopotea. Wanasikia "kadhaminiwa kwa milioni mbili" wakadhani kuna mtu amehesabu noti milioni mbili juu ya meza. Hakuna. Kiasi kile ni ahadi: mtuhumiwa akitoroka, mdhamini anaweza kudaiwa kiasi hicho. Akirudi kama alivyoahidi, mdhamini hatoi hata senti. Anachoacha kituoni siku ile ni sahihi yake.

Ndiyo maana utaona kwenye kuta za vituo vya polisi mabango yanayosema dhamana ni bure. Bango lile ni maelezo sahihi ya sheria. Na kwa kuwa dhamana inahitaji mtu wa kutia sahihi, haiwezi kufanyika ukiwa Makorora na mtuhumiwa yuko Chalinze. Lazima mtu aende. Polisi wa kweli aliyemshika ndugu yako atakuambia "njooni na mdhamini". Akisema "msije, tumeni", ameshajieleza.

Sasa nisije nikakudanganya kwamba katika kesi hakuna pesa halali kabisa. Ipo, ila ina mahali pake. Mahakamani, mtu akishitakiwa kwa kosa linalohusu fedha au mali ya thamani inayozidi shilingi milioni 10, sheria inamtaka aweke fedha taslimu au mali nyingine yenye thamani ya nusu ya kiasi hicho ndipo apate dhamana. Faini nazo hulipwa, za mahakamani na za barabarani. Lakini malipo ya serikali hayaendi kwenye simu ya mtu. Yanatolewa kontrol namba, ile namba ndefu ya malipo, na unailipia benki, kwa wakala, au kwenye simu yako kupitia sehemu ya malipo ya serikali. Pesa inaingia kwenye akaunti ya serikali na stakabadhi inatoka. Ukiambiwa tuma kwa M-Pesa kwenye namba ya sifuri saba au sifuri sita, halafu ukaambiwa "jina litatoka la fulani, usishtuke, ni la mhasibu wetu", hapo hakuna cha kujadili. Mahakama haina mhasibu anayepokea dhamana kwenye laini yake.

Tapeli wa dhamana ni mtoto wa yule yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tuliyemzoea sote. Tofauti ni kwamba wa zamani alivizia mtu ambaye tayari alikuwa na pesa ya kutuma, huyu anaitengeneza sababu ya kutuma. Na sababu anayoichagua ni mtoto, kwa sababu mama akisikia mtoto wake yuko lokapu, hesabu zote zinamtoka.

Turudi kwenye simu ile ya Ijumaa, tuipitie kama ninavyopitia jalada, kwa sababu ndani yake kuna makosa ambayo mama angeweza kuyashika kama angepewa dakika tano za kukaa chini.

Kosa la kwanza ni kaka yako mwenyewe. Yeye ni utingo. Lori likigonga mtu, anayetuhumiwa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ni aliyeshika usukani. Utingo huchukuliwa maelezo kama shahidi, kwa sababu alikuwepo na ameona. Kumweka utingo ndani na kumdai dhamana kwa ajali aliyoisababisha dereva ni jambo ambalo lingehitaji maelezo mengi, na yule "afande" hakutoa hata moja. Alijua tu kwamba kijana wa nyumba ile anafanya kazi kwenye malori. Angejua kwamba ni utingo, nadhani angetunga hadithi nyingine, labda ya wizi wa mafuta au ya mzigo kupungua.

La pili ni tajiri wa gari. Lori la saruji likipata ajali ya kugonga mtu, mtu wa kwanza kutafutwa ni mwenye gari. Gari lenyewe linashikiliwa na kukaguliwa, bima inaulizwa, mzigo umekwama barabarani, mteja anapiga kelele. Tajiri anajua ndani ya saa moja, mara nyingi kabla hata familia ya dereva haijajua. Kwa hiyo simu moja kwa tajiri ingemaliza habari yote. Ningependa kujua kama mama alikuwa na namba yake. Nahisi hakuwa nayo, na ndivyo ilivyo nyumba nyingi za vijana wa magari hapa Tanga.

La tatu ni ile haraka ya jalada. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema aliyekamatwa bila hati ya kukamatwa, kama hakupewa dhamana ya polisi, afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Tapeli anaigeuza kanuni hii kichwa chini. Anakutisha kwamba jalada likifika mahakamani mlango umefungwa. Kumbe saa hizo 24 zimewekwa kumlinda mtuhumiwa, na kufika mahakamani hakuondoi dhamana. Hakimu naye anatoa dhamana kwa makosa yanayodhaminika. Hata kama kweli mtu alikufa kwenye ajali ile, kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari ni kosa linalodhaminika. Tena, jalada gani linapelekwa mahakamani Ijumaa jioni wakati makarani wameshafunga ofisi? Kesi nyingi za aina hii nilizoletewa zilianza Ijumaa baada ya saa kumi au Jumamosi. Muda huo mtu hawezi kukimbilia ofisi yoyote kuuliza, ila kituo cha polisi hakifungwi na dhamana ya polisi haisubiri Jumatatu.

Kuna na makosa ambayo hayana dhamana kabisa: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, na mengine machache. Hapo tapeli hubadili wimbo: "Kesi hii haina dhamana, mama, lakini nitakusaidia." Kama haina dhamana, pesa ya dhamana ni ya nini? Polisi hana uwezo wa kuiuza isiyokuwepo.

Simu ya kaka kutopatikana ndiyo iliyomtoa mama miguu, na mara nyingi haitokei kwa bahati. Muulize kaka kama mchana ule alipigiwa na mtu aliyejitia ni wa kampuni ya simu, akamwambia wanarekebisha mtandao, azime simu kwa saa mbili asije akapoteza laini. Nimesikia hadithi hiyo kwa vijana wengi. Kama hakupigiwa, basi huenda tapeli aliipima tu namba yake, akaona haiiti, akajua nafasi imepatikana. Barabara ile kati ya Segera na Chalinze ina sehemu nyingi ambako mtandao unakata, na betri ya utingo haikai na chaji.

Jina lake walilipata wapi? Hili huwatisha watu, wakaanza kuwatuhumu majirani. Sehemu kubwa linapatikana kirahisi sana. Mtu akiandika namba yako kana kwamba anataka kukutumia pesa, kabla hajathibitisha anaonyeshwa jina ulilosajilia. Sasa ana jina la kijana na la mama, na ubini wao unamwambia ni wa ukoo mmoja. Picha ya kijana kaegemea lori, aliyoiweka mwenyewe mtandaoni, inamalizia. Mengine anapewa na mama bila mama kujua. Tapeli anasema "tuna kijana wako hapa", mama anapiga kelele "Jamani, Hamisi wangu?" na kuanzia hapo afande anamtaja Hamisi kwa jina kama aliyemlea. Nimeandika Hamisi kwa mfano tu. Wafundishe wazee nyumbani wasimtaje mtu kwanza. Aseme: "Kijana gani? Nitajie jina lake na jina la baba yake." Halafu anyamaze.

Nina kesi nyingine ya kukueleza, kwa sababu iliharibika pale ambapo yenu iliokoka. Mama mmoja wa Mikanjuni alikuja ofisini kwangu Jumatatu asubuhi, amevaa kanga mbili na ana karatasi mkononi. Aliniomba niende naye kituoni kumchukua mtoto wa dada yake, kwa kuwa yeye ameshalipia. Karatasini alikuwa ameandika namba za miamala miwili: 200,000 ya Jumamosi saa kumi na moja jioni, na 150,000 ya saa kumi na mbili kasorobo. Aliambiwa mwanzo 500,000. Alilia kwamba hana, wakashuka mpaka laki mbili. Alipotuma, dakika kumi baadaye wakamwambia kwamba mkubwa wa kituo amekataa, iongezwe laki na nusu ya kufunga jalada. Akakopa kwa jirani.

Nilimwuliza kama alimpigia kijana. Akasema hakupata nafasi. "Waliniambia nisikate simu, nikikata wanamhamisha." Alitembea mpaka kwa wakala simu ikiwa sikioni, akaazima simu ya mwanawe mdogo ya kutumia pesa. Nilichukua simu yangu nikampigia kijana mbele yake. Akapokea wito wa pili. Alikuwa Sahare anashona nyavu, hana habari na lolote, na simu yake ilikuwa hewani Jumamosi yote. Yule mama alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama nyavu zilikuwa zimechanika sana. Nadhani alikuwa hajui aseme nini kingine.

Kesi ile ina mambo mawili ambayo nataka yawakae. Moja ni kushuka bei. Kiwango kilichowekwa na sheria au na hakimu hakipunguzwi kwa kilio kwenye simu. Pesa inayoshuka kutoka laki tano hadi laki mbili ndani ya dakika mbili ni bei ya sokoni. Na ikishalipwa, inaongezwa, kwa sababu aliyelipa mara moja ameonyesha kwamba anaamini na kwamba ana pa kukopa. La pili ni lile la kutokata simu. Wenu walizuia kwa kuifanya namba ya kaka isipatikane. Wale waliizuia kwa kumshika mama kwenye laini. Njia mbili, shabaha moja: usimfikie mtu mwenyewe. Kwa hiyo kukata simu siyo utovu wa adabu, hata kama kweli upande wa pili kuna mkuu wa kituo. Kukata hakumhamishi mtu, hakumwongezei kosa, hakumpunguzii haki. Sema tu: "Nimekusikia afande. Nitajie jina la kituo, nakuja na mdhamini." Kata.

Ukishakata, anza na ndugu mwenyewe, umpigie kwenye namba uliyoihifadhi wewe. Hapatikani, mpigie aliye karibu naye: dereva, tajiri, mfanyakazi mwenzake, anayekaa naye chumba kimoja. Hapo ndipo habari nyingi huisha. Ikiwa bado, tafuta kituo kilichotajwa, lakini namba yake isitoke kwa aliyepiga. Nenda Chumbageni au kituo chochote kilicho karibu, mueleze askari wa kaunta, omba akusaidie kuuliza kituo cha huko. Polisi wana mawasiliano yao. Namba 112 ya dharura nayo ipo kama ni usiku na huna wa kukushika mkono. Na kama una mtu Chalinze, awe ndugu wa mbali, awe fundi uliyewahi kumpa kazi, muombe afike kaunta aulize jina. Nauli ya bodaboda utakayomrudishia ni ndogo kuliko laki tatu na nusu.

Unaweza pia kumwambia aliyepiga ampe ndugu yako simu. Sheria inampa aliyekamatwa haki ya kuwezeshwa kuwasiliana na ndugu, rafiki au wakili anayemtaka, kwa hiyo si ombi la ajabu. Lakini msiitegemee sana njia hii. Matapeli wanajua kumweka kijana mwingine alie kwa sekunde tatu, "Mama nisaidie", kisha simu inanyakuliwa. Sauti ya mtu anayelia hufanana na ya mtu yeyote anayelia. Wazazi wengi wameniapia kwamba ilikuwa ya mtoto wao. Kama amepewa simu kweli, muulizeni kitu ambacho hakiko kwenye picha wala mtandao, kama jina ambalo bibi yake humwita akiwa na hasira. Akishindwa kujibu kwa sababu "ameumizwa mdomo", rudini kwenye tajiri wa gari.

Kuhusu yule "wakili" aliyepewa simu. Hili linaniuma zaidi, kwa kuwa ni kazi yangu. Wakili hapokei pesa ya dhamana kwa niaba ya polisi, wala polisi hawana wakili anayekaa kaunta akisubiri familia. Wakili wa kujitegemea anafanya kazi kwa maagizo ya mtuhumiwa au ndugu zake, na malipo yake ni ada, jambo tofauti kabisa na dhamana. Hata mtu akiwa wakili kweli, hana sababu ya kudai pesa kutoka kwa mama ambaye hajamtafuta. Muombe jina kamili na ofisi yake iko wapi. Mahakama ina orodha ya mawakili inayotafutika mtandaoni kupitia mfumo wa e-Wakili, na kijana yeyote mwenye simu janja anaweza kulitafuta jina. Lakini jihadhari: tapeli anaweza kujipa jina la wakili aliyepo kweli. Ukilikuta jina, mpigie wakili huyo kwenye ofisi yake, umuulize kama yuko Chalinze na kijana wenu. Nimewahi kupigiwa simu ya namna hiyo mimi mwenyewe, mtu akiniuliza kama nimepokea laki nne yake. Jina langu lilitumika na sikuwahi kumsikia mtu huyo maishani.

Sasa upande ule mwingine ulioutaja, askari wa kweli anayeomba. Wapo, na nitakuwa mwongo nikikuambia hawapo. Ukifika kituoni ukaambiwa "toa chochote ndipo mdhamini asaini", omba kuonana na mkuu wa kituo na ueleze mbele yake kwamba mdhamini yupo na barua yake. Watu wengi hawajui kwamba hatua hiyo moja hufungua mambo mengi. Ikishindikana, TAKUKURU wanapokea taarifa kwa namba 113 bila malipo. Angalau hapo uko mbele ya mtu mwenye jina na namba ya kiaskari kifuani, na ndugu yako unamwona kwa macho.

Na kama siku moja mtu wa kwenu atakuwa ametuma kabla hajajua, kinachookoa ni dakika. Pesa ikiingia kule hutolewa kwa wakala mara moja au inarushwa kwenye laini nyingine. Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia kutuma, useme kwa kifupi: nimetapeliwa, namba ya muamala ni hii, naomba pesa izuiwe. Ikikutwa bado ipo, inaweza kushikiliwa. Ikiwa imeshatolewa, kampuni haiwezi kuirudisha, na ni bora ulijue hilo ili usije ukatapeliwa mara ya pili na mtu atakayekupigia kesho akisema anarudisha pesa zilizoibiwa. Usifute ujumbe wowote. Nenda kituoni ufungue taarifa, upewe namba ya RB, kwa sababu bila hiyo hakuna atakayeomba kumbukumbu za laini ile kwa njia ya kisheria. Kujifanya mtumishi wa umma ni kosa, kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa wanaofanya hayo kwa njia ya simu.

Nyie ambao hamkutuma mna kazi moja iliyobaki. Kama walimtumia mama ujumbe wenye namba ya kutumia pesa, usambaze ujumbe huo kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, haina gharama. Ukitakiwa kuandika namba ya tapeli, iandike. Usihangaike na jina lililotokea kwa wakala. Laini za matapeli mara nyingi zimesajiliwa kwa alama za vidole za watu wasiojua lolote, mtu aliyekwenda kununua laini kwenye mwavuli akaambiwa aweke kidole mara ya pili kwa kuwa "mashine haijasoma". Kwa sababu hiyo hiyo, mama na wewe pigeni *106# muone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa vitambulisho vyenu. Mkikuta namba msiyoijua, nendeni duka la mtandao husika waifute.

Kaka akirudi safari, muombe namba tatu: ya dereva wake, ya tajiri, na ya utingo mmoja wa gari jingine anayepiga njia ile ile. Ziandike kwa kalamu nene kwenye karatasi, zibandike pale ukutani mama anapochajia simu, na chini yake uandike jina ambalo bibi humwita kaka akikasirika.